Kosa katika mkataba: kwa nini mahakama haikuondoi kwenye biashara mbaya

Anayenunua robota la mitumba katika soko la Gikomba, Nairobi, hununua kitu ambacho hajakiona. Robota huwa limefungwa kwa mikanda, lina karatasi ya kusema ni nguo gani, na kwa kawaida halikatwi kabla ya kulipwa. Likishakatwa ndipo ukweli unajitokeza. Nguo bora zinazochaguliwa mwanzo ndizo kamera, na zinazobaki chini kabisa ni fagia.

Tuseme mama mmoja mfanyabiashara amenunua marobota kumi ya suruali za jinzi, kila moja KSh 20,000, jumla KSh 200,000. Mwenye godauni naye aliyapokea yakiwa yamefungwa, na wote wawili waliamini mzigo ni mzuri. Kukata, zaidi ya nusu ni fagia. Mama anakwenda kwa wakili na hoja inayosikika kuwa na nguvu: mimi nilikosea, muuzaji naye alikosea, kwa hiyo makubaliano hayakuwa makubaliano. Nirudishiwe pesa.

Kwa hoja hiyo peke yake, atashindwa. Sababu ya kushindwa kwake ndiyo inayoeleza dhana nzima.

Sheria hutambua kosa la namna tatu. Kosa la pamoja ni pale pande zote mbili zinapoamini jambo moja lisilo kweli, kama mama na mwenye godauni walivyoamini. Kosa la kupishana ni pale kila upande unapokuwa na jambo lake akilini bila kujua kwamba mwenzake anawaza jingine. Kosa la upande mmoja ni pale mmoja amekosea na mwenzake anajua, au hali ilivyo hawezi kudai hakujua. Kosa likikubaliwa, athari yake ni kali. Mkataba huwa batili tangu mwanzo, kana kwamba haukuwahi kufanywa, na kila mmoja hurudisha alichopokea. Kwa kuwa dawa yenyewe ni kali hivyo, majaji huitoa kwa kijiko kidogo sana.

Kenya ilichukua msingi huu kutoka Uingereza. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inasema kwamba sheria ya Uingereza kuhusu mikataba, ile iliyojengwa na hukumu za majaji, ndiyo inayotumika hapa, pamoja na kanuni za usawa na mabadiliko yaliyowekwa na sheria zetu. Ndiyo maana wakili wa Milimani anayeshughulikia marobota ya Gikomba bado atataja kesi za meli na shayiri. Mahakama ya Rufaa ya Kenya nayo ilisema wazi katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit kwamba mahakama haiwezi kuwaandikia watu mkataba upya. Wanafungwa na walichokubaliana, isipokuwa udanganyifu, kulazimishwa au ushawishi usiofaa udaiwe na uthibitishwe.

Kesi inayomwumiza mama yetu zaidi ni Bell dhidi ya Lever Brothers, ya Bunge la Malodi la Uingereza, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa huko. Kampuni ya Lever ilitaka kuachana na wakurugenzi wawili wa kampuni yake tanzu iliyofanya biashara ya kakao Afrika Magharibi. Iliwalipa mmoja pauni 30,000 na mwingine pauni 20,000 ili wakubali kuondoka kabla ya muda wao. Baadaye ikagundua kwamba wote wawili walikuwa wakifanya biashara ya kakao kwa faida yao binafsi, jambo ambalo lingetosha kuwafukuza bila kuwalipa hata senti. Baraza la wazee wa mahakama lililosikiliza ushahidi kesi ilipoanza liliona kwamba wakati wa makubaliano wakurugenzi hawakuwa na habari ya makosa hayo akilini, kwa hiyo hawakuwa wamedanganya. Kosa likawa la pamoja. Kampuni ilikuwa imelipa pauni 50,000 kwa kitu ambacho ingekipata bure, na bado ikashindwa, majaji watatu dhidi ya wawili. Walio wengi walisema kampuni ilipata hasa ilichonunua, yaani kukatizwa kwa mikataba ya ajira. Kwamba ingeweza kukipata kwa njia ya bei nafuu hakukibadilishi kuwa kitu kingine.

Wapo wanaoona hukumu hiyo ni ngumu mno, nami siwalaumu. Lakini ipime kwa robota. Mama alinunua marobota kumi ya jinzi, na akapata marobota kumi ya jinzi. Ni jinzi mbaya, lakini ni jinzi. Tena robota lililofungwa lina hatari ndani ya bei yake. Kama lingefunguliwa na kuchambuliwa, kamera ingeuzwa kwa bei ya kamera na fagia kwa bei ya fagia. Aliyelipa bei ya kitu kilichofungwa amekubali kubahatisha, na angepata kamera tupu hakuna ambaye angemwona akirudi godauni kuongeza pesa.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo jaji hujiuliza kabla ya yote. Haulizi nani ameumia, anauliza mkataba ulimwachia nani hatari hii. Mwaka 2002 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ililiweka sawa katika kesi ya meli iitwayo Great Peace. Meli nyingine ilikuwa imeharibika kusini mwa Bahari ya Hindi, na kampuni ya uokoaji ikakodi Great Peace kwa angalau siku tano ikae karibu nayo, wote wakiamini ziko umbali wa maili 35 hivi. Kumbe zilitenganishwa na maili 410. Kampuni ikakataa kulipa, ikidai kosa la pamoja. Mahakama ilisema kosa la namna hiyo hubatilisha mkataba pale tu ambapo hakuna aliyeahidi kwamba hali hiyo ipo, hakuna mwenye lawama, na utekelezaji umekuwa hauwezekani kabisa. Maili 410 ni mbali, lakini meli ingefika na kufanya kazi siku kadhaa. Kilichoimaliza kampuni ni kwamba ilipojua umbali halisi haikuvunja mkataba papo hapo, bali ilisubiri kwanza kuona kama itapata meli iliyo karibu zaidi. Kama kweli kilichobaki hakikuwa na maana, kwa nini ikakishikilia? Mama aliyekwisha kutandaza jinzi zile chini na kuanza kuziuza ataulizwa swali hilo hilo.

Badilisha jambo moja katika hadithi. Mama na mwenye godauni wanakubaliana Jumanne asubuhi kuhusu marobota kumi yaleyale, yaliyowekwa alama, na hakuna anayejua kwamba usiku moto umeingia godauni na kuyateketeza. Mikasa ya moto si migeni Gikomba. Hapa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema wazi: bidhaa mahususi zikiwa zimeshaangamia wakati wa kufanya mkataba, na muuzaji hajui, mkataba ni batili. Mama harudishiwi pesa kwa kuhurumiwa. Anarudishiwa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuuziana. Lakini angalia wakati. Kama moto ungewaka Jumatano, baada ya makubaliano, hilo si kosa tena. Linakuwa swali la nani alikuwa mwenye mali siku ile.

Kosa la kupishana ni nadra, na sitakaa nalo sana. Mfano wake mkongwe ni wa 1864, pamba iliyouzwa ikiwa kwenye meli Peerless kutoka Bombay, kumbe meli za jina hilo zilikuwa mbili, moja ya Oktoba na nyingine ya Desemba, na kila mmoja aliwaza yake. Siku hizi jaji huuliza mtu wa kando mwenye akili timamu angeyaelewa vipi maneno yale. Karibu kila mara maana moja huwa na nguvu kuliko nyingine, na anayeishikilia hiyo hushinda. Ni pale tu mtu huyo wa kando anaposhindwa kuchagua ndipo mkataba huanguka.

Kosa la upande mmoja ndilo linaloonekana zaidi kwenye simu zetu. Mwenye godauni na mama wamejadiliana kwenye WhatsApp wiki nzima, kati ya KSh 19,000 na KSh 21,000 kwa robota. Kisha mwenye godauni anaandika, “Mama, chukua kwa 2000, nimefunga bei.” Sifuri moja imepotea. Mama anajibu baada ya sekunde chache, “Sawa boss, natuma pesa saa hii.” Je, anaweza kumlazimisha auze kwa KSh 2,000?

Hapana. Mwaka 1939, katika kesi ya Hartog dhidi ya Colin na Shields, wauzaji wa ngozi 30,000 za sungura wa Argentina walitaja bei kwa kila ratili badala ya kila ngozi, ilhali mazungumzo yote na desturi ya biashara vilikuwa kwa ngozi. Ratili moja ilikuwa na ngozi tatu hivi, kwa hiyo bei ilishuka hadi theluthi. Mahakama ilisema mnunuzi hakuweza kuamini kwamba hiyo ndiyo bei waliyokusudia, akakosa alichodai. Ushahidi dhidi ya mama utatoka kwenye mazungumzo yale yale, bei ya soko, na hata kasi ya jibu lake. Lakini kama mwenye godauni angeandika 18500 akimaanisha 19500, amejifunga. Hiyo ni bei ambayo mtu anaweza kuamini kwamba ni punguzo.

Kuna mpaka mwembamba hapa ambapo hata mawakili huteleza. Katika Smith dhidi ya Hughes ya 1871, mfunza farasi wa mashindano alinunua shayiri baada ya kukaa na sampuli, akidhani ni ya zamani, kumbe ni mpya. Majaji walitofautisha mambo mawili. Muuzaji akijua kwamba mnunuzi anajidanganya kuhusu ubora wa shayiri, anaweza kunyamaza. Akijua kwamba mnunuzi anadhani ameahidiwa shayiri ya zamani, hapo hawajakubaliana. Kwa hiyo mwenye godauni anayejua robota lina fagia nyingi na akanyamaza, hajavunja mkataba kwa kunyamaza tu. Akitamka kwamba ni kamera ilhali anajua si hivyo, huo ni udanganyifu, na kesi inaacha kabisa kuwa ya kosa.

Ndiyo maana wakili mzuri humwuliza mama, kabla ya yote, karatasi ya robota ilisema nini na mwenye godauni aliandika nini. Kama kuna maneno “jinzi za wanaume, gredi ya kwanza”, mama ana dai la bidhaa zisizolingana na maelezo, ambalo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inalilinda na ambalo halimtaki athibitishe kwamba mkataba haukuwahi kuwepo. Kwa KSh 200,000 anaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Karatasi ya robota, picha za nguo zilizopigwa kabla hazijachanganywa na mzigo mwingine, na ujumbe wa kulalamika aliotuma siku ile ile aliyokata robota vitamfaa kuliko hoja yoyote ya kosa.