Kukimbia kwa aina tatu: maswali ya walimu tarajali kuhusu shughuli za mwili, mazoezi na michezo

Mkufunzi, kwenye mtihani tunaandika tofauti tatu, lakini uwanjani naona watoto wote wanakimbia tu. Tofauti iko wapi hasa?

Haiko kwenye mbio. Anza na misuli. Misuli ikiusogeza mwili na mwili ukatumia nguvu zaidi ya pale ulipotulia, hiyo ni shughuli ya mwili, iwe ni kufagia, kulima, kucheza ngoma au kumkimbilia mbuzi aliyekata kamba. Kisha uliza nia. Shughuli ikiwa imepangwa, inarudiwarudiwa, na lengo lake ni kujenga au kulinda uimara wa mwili, hapo ndipo inaitwa mazoezi. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Marekani, Caspersen, Powell na Christenson, walitenganisha maneno hayo mawili kwa namna hiyo, na mgawanyo wao ndio unaotumika hadi leo. Mwisho tafuta kanuni na ushindani: palipo na sheria zinazojulikana, mshindi na mshindwa, pana michezo kwa maana ya ushindani.

Kwa hiyo kila zoezi la mwili ni shughuli ya mwili, ila si kila shughuli ya mwili ni zoezi. Michezo inaingiliana na yote mawili. Kipa anayeruka kudaka mpira mara 30 kila Jumatano jioni anafanya mazoezi. Jumamosi akisimama golini kwenye mechi, anacheza.

Kinachotuchanganya ni lugha yetu wenyewe. “Zoezi” ni maswali ya mwisho wa sura kitabuni, na pia ni kupasha viungo. “Mchezo” ni mechi, ni igizo, ni watoto na vifuu vyao mchangani. Neno peke yake halitakupa jibu, kwa hiyo kwenye andalio la somo usiishie kuandika “wanafunzi watafanya michezo”. Andika watasogeza nini, kwa muda gani na kwa lengo gani.

Binti anayebeba ndoo ya lita 20 kutoka kisimani kila asubuhi, naye tuseme hana mazoezi?

Hana mazoezi, lakini shughuli ya mwili anayo, tena nzito. Moyo wake hauulizi kama anafuata maji au medali. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli ya kiwango cha kati hadi kikali. Safari ya kisimani imo ndani ya hesabu hiyo, sawa na kutembea kwa haraka kwenda shule.

Kinachokosekana ni mpangilio. Ndoo haimuulizi leo anajisikiaje, haipungui uzito akiwa mgonjwa, na inakandamiza shingo na mgongo ule ule kila siku. Zoezi lililopangwa vizuri huanza na mzigo mdogo, huongezwa kidogo kidogo, na hupumzisha sehemu iliyochoka. Ndiyo maana simwambii mwalimu amwongezee binti huyo mizunguko ya uwanja eti kwa kuwa hakufika mchakamchaka. Mpe michezo ya wepesi, kulenga na kuruka. Mzigo tayari anao.

Na mchakamchaka wenyewe tuuweke kundi gani?

Si mchezo wa ushindani, kwa sababu hakuna anayeshinda. Umepangwa na unarudiwa kila asubuhi, kwa hiyo unastahili kuitwa mazoezi iwapo mwalimu anausimamia kwa lengo hilo. Ukiwa ni njia ya kuwaweka watoto pamoja kabla ya usafi, unabaki kuwa shughuli ya mwili tu, na hilo nalo si baya.

Kuna kipimo kizuri ambacho tayari tunacho midomoni. Anayejishughulisha kwa kiwango cha kati huweza kuongea ila hawezi kuimba kwa raha. Anayejishughulisha kwa ukali hutoa maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Wimbo wa mchakamchaka una kiongozi na waitikiaji, na kiitikio chake ni kifupi, kwa hiyo watoto wanapata nafasi ya kupumua katikati. Sikiliza kiitikio hicho. Kikitoka kirefu na kitamu kama cha kwaya ya Jumapili, mwendo ni mdogo. Kikitoka kifupi kilichokatika lakini wote wanaitikia, mmefika. Ukisikia nyuma kumenyamaza, usidhani ni uvivu: kuna waliozidiwa, na mstari unatakiwa upunguze mwendo kwa ajili yao.

Jambo lingine ni kwamba mwili huzoea. Mzunguko ule ule wa dakika kumi kuanzia Januari hadi Novemba utamsaidia mtoto asirudi nyuma, lakini baada ya wiki kadhaa hautampeleka mbele sana. Ukitaka kumjenga, badilisha kitu kimoja kwa wakati: muda, au mwendo, au kilima.

Nikiwa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, nilifundisha mbio za kupokezana vijiti kwa darasa la tano. Watoto walishangilia mpaka mwisho, lakini aliyekuja kunitathmini akaniambia hawakufanya mazoezi. Sikumwelewa.

Tufanye hesabu. Ulikuwa na watoto 60. Tuseme uliwapanga mistari 5 ya watoto 12, na kila mmoja alitumia sekunde 20 kwenda kwenye alama na kurudi. Kwenye mstari anakimbia mtoto mmoja tu, kwa hiyo ili zamu imrudie mtoto yule yule zinapita sekunde 240, yaani dakika 4. Katika kipindi cha dakika 40, toa kubadili nguo, kujipanga na kutoa maelekezo, mbio zenyewe zikapata dakika 20. Kila mtoto alipata zamu 5. Zamu 5 za sekunde 20 ni sekunde 100.

Yaani dakika moja na sekunde 40 za kukimbia, na zaidi ya dakika 18 za kusimama na kupiga makofi. Michezo ilikuwepo, maana palikuwa na kanuni na washindi. Shughuli ya mwili kwa kila mtoto ilikuwa kidogo mno. Kelele ndizo zilizokudanganya, na huwadanganya walimu wengi, kwa sababu uwanja wenye shangwe unafanana sana na uwanja wenye jasho.

Sasa wapange mistari 15 ya watoto wanne. Zamu inarudi kila baada ya sekunde 80, na ndani ya dakika zile zile 20 kila mmoja anakimbia mara 15, jumla dakika 5. Ni mara tatu ya mwanzo bila kununua kifaa chochote, ingawa bado ni kidogo. Kwa hiyo dakika 10 tu zibaki za vijiti, na zilizosalia wagawe makundi madogo ya rede kwa mipira ya soksi kuukuu iliyojazwa makaratasi.

Kwenye rede hiyo badilisha kanuni moja. Aliyepigwa na mpira asitoke nje. Ahesabiwe alama, kisha aendelee kukwepa. Kwa kawaida wa kwanza kutolewa ni yule mzito au asiyezoea kukimbia, na ndiye aliyehitaji dakika hizo kuliko wote. Mchezo wa ushindani huchuja watu, hiyo ndiyo kazi yake. Ukiwa na lengo la afya, huna budi kuzuia mchujo huo.

Kabla hujatathminiwa tena, chagua mtoto mmoja aliye katikati ya mstari, mtazame kwa dakika 10, na uhesabu sekunde anazosogea. Namba hiyo itakueleza mengi kuliko shangwe.

Mtoto aliyechelewa akirushwa kichura mara 50, si anapata mazoezi huku anajifunza kuwahi?

Hapana. Misuli imefanya kazi, ndiyo, kwa hiyo ni shughuli ya mwili. Lakini lengo lake ni maumivu, na kiwango kimepangwa na hasira ya mwalimu. Anayepanga mazoezi hujiuliza mtoto huyu anaweza kiasi gani leo. Anayeadhibu anataka kipimo kipitilize uwezo, na hapo ndipo hatari ilipo.

Misuli ya mapaja ya mtoto asiyezoea, ikilazimishwa kuruka au kuchuchumaa mara nyingi bila kupumzika, inaweza kuumia kiasi cha kuvunjika vipande vidogo na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Mabaki hayo huenda kuziba na kuharibu figo. Dalili huweza kuchelewa siku moja au mbili: maumivu makali yasiyolingana na uchovu wa kawaida, mapaja kuvimba, kushindwa kuinuka au kushuka ngazi, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mtoto mwenye mkojo huo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na daktari aelezwe ukweli wa kilichotokea, bila kufichwa kwa kumlinda mwalimu.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwenye mkojo. Mtoto aliyejua kichura kama adhabu, siku utakapomfundisha kuruka kwa ajili ya kuimarisha miguu, mwili wake utakumbuka adhabu.

Bao je? Lina kanuni na mabingwa.

Lina ushindani kamili, na akili inatoka jasho. Misuli karibu imetulia. Lihesabu kwenye michezo ukipenda, lakini usiliingize kwenye zile dakika 60.

Mzazi ameleta barua ya daktari: mtoto ana selimundu, “asishiriki michezo”. Nimemkalisha darasani wakati wa kipindi. Nimekosea?

Umefanya kwa huruma, ila huenda barua imesema kidogo kuliko ulivyoielewa. Mwombe mzazi amuulize daktari swali lenye sehemu tatu: je, kinachokatazwa ni mashindano, ni mazoezi ya nguvu, au ni kusogea kokote? Mara nyingi hatari kwa mtoto wa selimundu ni kujikamua hadi mwisho, kukosa maji na kupigwa na baridi, na mashindano ndiyo yanayomsukuma huko, kwa sababu hakuna mtoto anayetaka kuiangusha timu yake.

Daktari akiruhusu shughuli ya kiasi, mtoto atembee na wenzake, arushe na kudaka mpira, aruke kamba kwa raundi fupi. Awe na chupa yake ya maji na anywe bila kuomba ruhusa. Akae kivulini anapotaka, na asipewe zamu ambayo timu nzima inamsubiri amalize. Akilalamika maumivu ya mifupa au kifua, akihema kwa shida au akiwa na homa, simamisha kila kitu, mpigie mzazi, na safari ya hospitali ianze bila kusubiri kengele ya mwisho.