Ukomo wa Utafiti katika Sehemu ya Mjadala: Mfano wa Ziara za Wachavushaji

Katika ripoti nyingi za utafiti mfupi wa uangalizi, ukomo wa utafiti huandikwa mwishoni kabisa mwa mjadala, katika aya moja inayosema kwamba muda ulikuwa mfupi, mvua ilinyesha siku mbili na vifaa havikutosha. Aya ya namna hiyo inasimulia tabu zilizompata mtafiti, na tabu hizo huitwa vikwazo. Ukomo ni kitu kingine: ni pale ambapo data zinaacha kuliunga mkono dai. Mvua ni kikwazo. Ukomo ni kwamba ziara zote zilihesabiwa katika asubuhi kavu, na kwa sababu hiyo kiwango kilichopatikana hakiwezi kusemwa kuwa ni cha msimu mzima. Yale ambayo mtafiti aliyaamua mwenyewe tangu awali, kwa mfano kuchunguza zao moja tu, ni mipaka ya utafiti na mahali pake ni sehemu ya mbinu. Mjadala unadaiwa ukomo, na namna ya kuupanga inaonekana vizuri zaidi tukishika mfano mmoja hadi mwisho.

Tuchukue mtafiti wa kubuni aliyetaka kujua kama maua ya maboga yaliyo karibu na kichaka hutembelewa na wadudu zaidi kuliko yaliyo mbali. Alikuwa na mashamba mawili, moja kando ya kichaka na jingine mbali nacho. Alifanya uangalizi kwa asubuhi 6. Kila asubuhi alikaa vipindi 4 vya dakika 10 katika kila shamba, na katika kila kipindi aliangalia maua 10 yaliyofunguka na kuhesabu kila mdudu aliyeingia ndani ya ua. Jumla yake ni vipindi 24 kwa kila shamba, sawa na saa 4 za uangalizi. Alihesabu ziara 96 kando ya kichaka na ziara 60 mbali nacho, yaani ziara 2.4 na 1.5 kwa kila ua kwa saa. Rasimu yake ya kwanza ya mjadala ilianza hivi: “Utafiti umethibitisha kwamba vichaka huongeza uchavushaji wa maboga kwa asilimia 60.”

Sentensi hiyo ina madai matatu yasiyo na mtu wa kuyatetea, na kosa la mpangilio ni kwamba aya ya ukomo ilikuja kurasa mbili baadaye, ikakiri kwa jumla kwamba “matokeo yachukuliwe kwa tahadhari”. Msomaji hawezi kujua tahadhari hiyo inaangukia dai lipi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mpangilio ni kuuweka ukomo mkubwa ndani ya sentensi ile ile inayotaja matokeo. Aya ya kwanza ya mjadala ingesomeka hivi: “Katika asubuhi 6 za uangalizi, maua ya shamba moja lililo kando ya kichaka yalipata ziara 2.4 kwa ua kwa saa, na yale ya shamba moja lililo mbali yalipata 1.5.” Neno “moja”, lililotajwa mara mbili, linafanya kazi kubwa kuliko aya nzima ya kuomba radhi.

Aya ya pili ishughulikie ukomo unaoweza kuligeuza jibu lenyewe, na hapa ndipo penye kazi. Ua la boga hufunguka karibu na alfajiri na kwa kawaida huwa limejifunga kabla ya mchana kwisha, kwa hiyo saa ya kuhesabu si jambo dogo. Mtafiti wetu alikuwa peke yake. Kwa siku 4 za kwanza alianzia shamba la kando ya kichaka, kisha akatembea kwenda la mbali. Siku 2 za mwisho aligeuza mpangilio, pengine kwa sababu ya njia tu. Hivyo katika siku nyingi shamba la kichakani lilihesabiwa mapema na la mbali lilihesabiwa maua yakiwa yamechoka. Tofauti ya ziara huenda ni tofauti ya saa iliyovaa nguo ya tofauti ya mahali.

Waandishi wengi wangeishia kwenye “huenda”. Lakini daftari la uangalizi lina jibu la kiasi fulani, na mjadala mzuri unalifungua. Katika siku 4 za kwanza, shamba la kichakani lilipata ziara 72, wastani wa 18 kwa asubuhi, na la mbali 32, wastani wa 8. Katika siku 2 za mwisho, la kichakani lilipata ziara 24, wastani wa 12, na la mbali 28, wastani wa 14. Yaani mpangilio ulipogeuka, shamba la mbali liliongoza. Anayeona hilo kwa mara ya kwanza hushikwa na hamu ya kulificha. Akitulia ataona kwamba tarakimu hizo zinaweza kulinganishwa saa kwa saa: waliohesabiwa mapema ni 18 dhidi ya 14, na waliohesabiwa baadaye ni 12 dhidi ya 8. Katika saa zote mbili shamba la kichakani linazidi kwa ziara 4 kila asubuhi, na katika mashamba yote mawili kuchelewa kunaenda pamoja na upungufu wa ziara 6. Kwa hesabu hiyo saa ina uzito kuliko kichaka, na ile asilimia 60 inashuka hadi takriban 36, yaani 30 kwa 22.

Huo ndio ukomo ulioandikwa kikamilifu. Una vitu vitatu: chanzo chake, mwelekeo unakovutia namba na ukubwa wa mvuto huo. Sentensi ya mjadala ingekuwa: “Kwa kuwa shamba la kichakani lilitangulia kuangaliwa katika siku 4 kati ya 6, tofauti ya jumla imekuzwa; vipindi vya saa zinazolingana vinaonyesha tofauti ya takriban asilimia 36, ingawa ulinganisho huo unategemea siku 2 tu za mpangilio uliogeuzwa, ambazo pia hazikuwa siku zile zile.” Kiambatisho cha mwisho ni cha lazima, kwa sababu marekebisho nayo yana ukomo wake. Kama siku hizo 2 zilikuwa na mawingu au upepo, nyuki wangepungua kwa sababu nyingine kabisa, na kumbukumbu za hali ya hewa za kila kipindi zinapaswa kutajwa papo hapo kama zipo.

Baada ya hapo inakuja aya kuhusu mashamba mawili, na aya hii haiponyeki kwa hesabu. Vipindi 24 vinaonekana kama sampuli 24, na programu ya takwimu ikilishwa vipindi hivyo itatoa jibu lenye kujiamini sana. Lakini vyote 24 vinatoka shamba moja. Vinaeleza shamba hilo vizuri, havielezi mashamba ya kando ya vichaka kwa jumla. Shamba la pili linaweza kuwa na udongo mwingine, dawa ya wadudu iliyopuliziwa juma lililopita, au mzinga wa jirani usioonekana. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliipa kasoro hii jina la “pseudoreplication” mwaka 1984. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita marudio bandia. Dalili yake ni rahisi: uliza ni kitu gani kilichotofautiana kati ya makundi mawili, kisha hesabu vitu hivyo. Hapa kilichotofautiana ni ukaribu na kichaka, na kila upande una shamba moja tu. Mjadala useme waziwazi kwamba tofauti iliyopo ni ya mashamba mawili haya, na kwamba kichaka ni maelezo mojawapo tu, kisha utaje maelezo shindani mawili au matatu ambayo mtafiti aliyaona kwa macho shambani. Orodha ndefu ya yote yanayowezekana duniani haimsaidii msomaji.

Dai la tatu katika rasimu ile lilikuwa neno “uchavushaji”. Kilichohesabiwa ni ziara. Mmea wa maboga huwa na maua dume na maua jike pamoja, na kwa kawaida madume ni mengi zaidi. Nyuki anayezunguka kati ya madume matano akinywa nekta anaandikwa kama ziara tano, na hakuna chavua iliyofika kwenye stigma yoyote. Nyuki huyo huyo anaweza kurudi katika ua lile lile mara mbili ndani ya dakika 10 na kuhesabiwa upya. Mtafiti wetu hakutenganisha maua dume na jike, kwa hiyo mjadala hauwezi kutoka kwenye ziara kwenda kwenye matunda. Suluhisho hapa ni la msamiati: neno “uchavushaji” liondolewe kila mahali linapotaja matokeo, hata katika kichwa cha ripoti, na libaki pale tu linapotajwa kama jambo lisilopimwa. Ni ajabu jinsi mwandishi anavyoweza kukiri ukomo huu katika aya ya nne na kuusahau katika muhtasari. Njia ya kujikagua ni kutafuta neno hilo katika waraka wote na kuuliza, kila linapotokea, ni kipimo gani kinalibeba.

Ukomo mdogo upewe nafasi ndogo. Kwamba nyuki wadogo walitambuliwa kwa kundi badala ya spishi, au kwamba kivuli cha mwangalizi kinaweza kuwafukuza baadhi yao, ni mambo ya sentensi moja moja, kwa sababu yalihusu mashamba yote mawili kwa namna ile ile na hayagusi sana ulinganisho. Yangegusa dai kama mtafiti angedai idadi ya spishi. Kuyapa aya nzima kila moja kunawafanya wasomaji wadhani kwamba yana uzito sawa na mashamba mawili, na ukomo mkubwa unazama katikati ya midogo.

Aya ya mwisho ya mjadala hutaja utafiti unaofuata, na hapo pia ukomo ndio unaoongoza kalamu. Pendekezo la “utafiti wa muda mrefu zaidi” halitokani na yaliyokwisha kuelezwa: asubuhi 60 katika mashamba haya mawili zingeacha tatizo la marudio bandia palepale. Kinachotakiwa ni mashamba kadhaa ya kila aina, hata kwa asubuhi chache, mpangilio wa kuanzia ukibadilishwa kila siku kwa bahati nasibu, maua dume na jike yakiandikwa kwa safu tofauti katika daftari, na baadhi ya maua jike yakifunikwa kwa mifuko ya wavu kabla hayajafunguka ili matunda yake yalinganishwe na ya yale yaliyoachwa wazi.