Waranti ya simu: inafunika nini, na huponyoka wapi

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu hali ya simu ilipotoka kiwandani. Ikijitokeza kasoro ambayo simu ilizaliwa nayo, hata kama imechelewa kujionyesha, gharama ya kuirekebisha ni yake kwa muda uliotajwa, mara nyingi miezi 12. Yaliyoipata simu ikiwa mikononi mwako hayamo. Ndiyo maana simu mbili zinaweza kuugua ugonjwa uleule, moja ikatengenezwa bure na nyingine ikarudishwa pamoja na hesabu ya kulipa.

Ukifika kituo cha huduma cha mtengenezaji, yule aliye mezani anatafuta majibu mawili tu. Je, hii ndiyo simu iliyouzwa, na iliuzwa lini? Na ubovu huu ulitoka nayo kiwandani au ulikuja baadaye?

Simu yangu ilianza kukataa chaji wiki ya tisa. Ilikuwa inachaji nikiuinamisha waya upande mmoja, nikiuachia alama ya betri inazima. Kabla ya kwenda popote nilijaribu waya mwingine na adapta nyingine, kisha nikazima simu, nikamulika tundu la chaji kwa tochi na kulisafisha taratibu kwa kijiti cha mbao. Hatua hii usiiruke, kwa sababu vumbi la mfukoni likijishindilia mle ndani huuzuia waya kuzama mpaka mwisho, na dalili zake ni hizohizo. Yangu haikuwa vumbi. Nikachukua video ya alama ya chaji ikiwaka na kuzima. Ubovu wa kuja na kuondoka una tabia ya kutulia kabisa mbele ya fundi, na bila video unarudishiwa simu ikiwa na maneno "tatizo halikuonekana".

Risiti ndiyo iliyonitoa jasho. Ilichapwa kwenye ile karatasi nyororo inayochapwa kwa joto, na kwa wiki tisa maandishi yalikuwa yamefifia nusu nzima. Yaliyobaki yalisema "simu, 1" na tarehe. Risiti ya namna hiyo inathibitisha kwamba ulinunua simu fulani siku fulani, lakini haithibitishi kwamba ulinunua hii. Kinachoifunga simu na karatasi ni IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo kila simu ina yake. Unaiona ukipiga:

```
*#06#
```

Namba hiyohiyo imebandikwa kwenye boksi. Simu ya laini mbili huonyesha IMEI mbili, na risiti ikiwa na mojawapo inatosha. Nilirudi dukani na boksi, muuzaji akaikuta nakala ya mauzo, akaniandikia risiti nyingine yenye IMEI, tarehe ileile ya awali na muhuri. Alinisaidia kwa hiari yake. Laiti ningemwomba aandike IMEI siku ya kununua na nikaipiga picha risiti palepale, nisingekuwa na safari ya pili.

Kituo chenyewe kina njia ya kuangalia. Wakiingiza IMEI kwenye mfumo wao wanaona simu ilitengenezewa soko gani, na mara nyingi wanaona pia ilianza kutumika lini. Usilitegemee hilo badala ya risiti. Baadhi ya watengenezaji, wasipoona uthibitisho wa ununuzi, huhesabu waranti tangu simu ilipotoka kiwandani, na kama ilikaa rafuni miezi mitano, miezi hiyo imekatwa kwako. Simu iliyotengenezewa soko la nchi nyingine nayo inaweza kukataliwa hata kama ni halisi na risiti ni safi, kwa kuwa waranti za simu nyingi zina mipaka ya eneo. Ulizia hili kabla ya kutoa pesa.

Baada ya karatasi, fundi alichomoa kitrei cha laini na kumulika ndani. Alikuwa anatazama kikaratasi kidogo cheupe ambacho kikiguswa na maji hugeuka chekundu au waridi. Vimo kadhaa ndani ya simu, vingine havionekani mpaka ifunguliwe. Changu kilikuwa cheupe. Kingekuwa chekundu, mazungumzo yangeishia hapo, na hapa ndipo wengi wanapoumia wakisema, "Lakini simu hii haiingii maji!" Alama ya IP68, inayowekwa kwenye simu za kuzuia maji, inaeleza jaribio lililofanywa maabara, kwa maji safi na simu mpya. Mipira na gundi zinazozuia maji huchoka, na simu ikianguka huachia mahali usipopaona. Watengenezaji wengi huandika wazi kwamba uharibifu wa maji haumo kwenye waranti, hata kwa simu yenye alama hiyo.

Kisha aliizungusha simu akitazama pembe. Mkwaruzo wa kawaida hauna shida. Kioo kilichopasuka kina shida hata kama hakihusiani na chaji, maana vituo vingi havitaifungua simu ya namna hiyo mpaka kwanza ulipie kioo kipya. Swali lake la mwisho lilikuwa kama kuna fundi mwingine aliyeifungua. Akitaka kujua mwenyewe anajua: skrubu iliyoliwa kichwa, gundi ya mfuniko isiyo ya kiwandani, kibandiko kilichotoboka juu ya skrubu. Zipo nchi ambazo kisheria hawawezi kukunyima waranti kwa sababu hiyo peke yake, mpaka waonyeshe kwamba ufunguzi ule ndio ulioleta ubovu. Lakini mezani mzigo wa kubishana unakuangukia wewe. Kwa simu iliyo ndani ya waranti, fundi wa jirani awe wa mwisho, hata kama unamwamini. Programu ya simu nayo huacha alama. Kwenye simu nyingi za Samsung, ukiweka mfumo usio rasmi, Knox, mfumo wa usalama uliojengwa ndani ya simu hizo, hurekodi jambo hilo moja kwa moja, na kurudisha mfumo wa awali hakulifuti.

Usiondoke kituoni bila fomu ya kupokelea simu. Soma walichoandika. Yangu ilikuwa na neno "haichaji", nikaomba iandikwe "inachaji waya ukiinamishwa tu", pamoja na IMEI na "kioo kizima, hakuna pembe iliyobonyea". Sentensi hiyo ya pili ndiyo kinga yako simu ikipata mpasuko ikiwa kwao. Hifadhi data zako mahali pengine kabla, kwa kuwa simu inaweza kurudi ikiwa tupu, na ondoa akaunti yako kwenye simu, la sivyo kazi inaweza kusimama.

Baada ya siku kumi niliambiwa kosa lilikuwa kwenye bodi kuu, wakaibadilisha bila malipo. Nilipopiga *#06# niliona namba nisiyoifahamu. IMEI huishi kwenye bodi kuu, kwa hiyo boksi langu na ile risiti niliyoihangaikia vilikuwa sasa vinazungumzia simu nyingine. Nikawaomba karatasi yenye IMEI ya zamani, IMEI mpya na tarehe ya matengenezo. Waranti kwa kawaida haianzi upya baada ya matengenezo, inaendelea na muda uliobaki, na kwangu ilikuwa imebaki miezi tisa na ushee. Karatasi hiyo nimeibana pamoja na risiti, na picha ya zote mbili ipo nje ya simu.