Midomo inapogoma: chanzo damu ya mzee, mlengwa waridi

Katika filamu fupi tuliyopiga Mikindani, mwigizaji mkuu alisafiri kabla ya kipande cha ufukweni. Msichana mwingine alicheza badala yake, nami nikapewa kazi ya kupandikiza uso wa mkuu, yaani chanzo, juu ya uso wa mbadala, yaani mlengwa. Wote wawili waliridhia kwa maandishi. Macho na pua vilikaa vizuri. Midomo ikagoma.

Mkuu ana midomo myembamba, alipaka rangi ya damu ya mzee. Mbadala ana midomo minene, alipaka waridi. Maski, yaani eneo linalopandikizwa, ikifuata ukingo wa midomo ya chanzo, waridi hubaki pembeni kama uzi, hasa kwenye pembe za mdomo. Wengi huivuta midomo ya chanzo hadi ifunike, lakini hapo mtazamaji anaona sura ngeni. Mimi huanza na mlengwa: naifuta midomo yake kwa ngozi ya jirani, kisha naitanua maski kutoka chini ya pua hadi juu ya kidevu. Umbo linakuwa la mkuu, lakini kufunguka na kufumba kwa mdomo kunamfuata mbadala, maana sauti ni yake.

Rangi ndiyo yenye mtego. Jua la Mikindani lilikuwa linazama, ngozi imepata umanjano, hivyo programu iliposawazisha uso mzima, ilipima zaidi ngozi na kuisukuma midomo nayo kwenye umanjano. Damu ya mzee ikageuka tofali. Kwa hiyo midomo huirekebisha peke yake, katika mfumo wa Lab: L ni mwanga, a ni kijani kwenda wekundu, b ni bluu kwenda umanjano. Kwenye maktaba ya OpenCV, kwa picha ya biti 8, a na b zina katikati 128. Midomo niliyopandikiza ilisoma b 148. Katika kipande kingine ambamo mkuu mwenyewe yupo kwenye jua lilelile, ilisoma 137. Wekundu ulikuwa karibu sawa, basi nikashusha b tu:

```python
lab[..., 2] += maski * (137 - lab[midomo, 2].mean())
```

`midomo` ni eneo lenyewe, kwa `bool`. `maski` ni eneo hilohilo lililolainishwa kingo, thamani 0 hadi 1, na `lab` itolewe kwanza kwenye picha ya biti 8, kisha igeuzwe `float32`.

L siigusi kwa wastani wa namna hii. Ila mng'ao huutazama kwa makini. Chanzo kilipigwa studio, taa ya mbele, kikaacha doa jeupe katikati ya mdomo wa chini, ilhali ufukweni jua lilitoka ubavuni. Doa hilo nililififisha kwa mkono, nikaweka jingine upande wa jua, dogo zaidi.

Ukaguzi wangu ni kuipitisha video polepole pale anapotamka m, b au p. Midomo isipogusana, au waridi likichungulia pembeni, narudi kwenye maski kabla ya kugusa rangi tena.