Kubadilisha kodoni hakuyeyushi protini

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili alinitumia picha ya jeli, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa ziwe bendi. Alikuwa anazalisha G-CSF ya binadamu, ile homoni inayoamsha uboho utengeneze chembe nyeupe za damu, ndani ya bakteria E. coli. Baada ya sentrifuji protini yote imekwenda kwenye mashapo ya chini, na kwenye maji ya juu hakuna kitu. Chini ya picha aliandika: "Mwalimu, nadhani kodoni za binadamu ndizo zinazoleta inklusheni bodi. Naomba tuagize jeni iliyoboreshwa kodoni."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara inakula fedha na wiki kadhaa za kusubiri. Kwa hiyo naandika. Kodoni ni herufi tatu tatu za jeni, kila tatu zikitaja amino asidi moja, na inklusheni bodi ni mabonge ya protini iliyogandamana ndani ya bakteria.

Tazama jeli kwanza. Bendi ya karibu kilodalton 21 ilikuwa nene kuliko protini zote za bakteria mwenyewe. Maana yake ribosomu, mashine za chembe zinazojenga protini, zimesoma jeni hiyo bila shida yoyote. Kodoni ni suala la kusoma: zinaamua protini ngapi zitatengenezwa na kama mnyororo utafika mwisho. Bonge ni suala la kukunjika. Mnyororo umekamilika, kila amino asidi iko mahali pake, lakini umeshindwa kupata umbo lake kabla ya kugandamana na wenzake. Ukichukua jeni inayosomwa vizuri ukaifanya isomwe upesi zaidi, unamwaga minyororo mingi zaidi kwa dakika ndani ya chumba kilekile kilichojaa. Mara nyingi mabonge huongezeka.

Na G-CSF ina sababu yake mahususi. Ina sisteini tano. Nne hufungana mbili mbili kwa vifungo vya disalfaidi, ya 36 na ya 42, ya 64 na ya 74, na ya 17 hubaki huru. Saitoplazimu ya E. coli wa kawaida huvunja vifungo hivyo badala ya kuviruhusu vijifunge. Hakuna kodoni inayogusa jambo hilo.

Kodoni zina kazi yake, tena kwenye protini hiihii. Ukiitengeneza G-CSF bila mkia wowote mbele, jeni inaanza na herufi za binadamu zilizojaa G na C. Mwaka 1988 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba kubadilisha kodoni chache za mwanzo, bila kugusa amino asidi hata moja, kunapandisha uzalishaji wake. Mabadiliko ya aina hiyo yanaweza kuwa hivi:

```
asili:  ATG ACC CCC CTG GGC CCT GCC
mpya:   ATG ACT CCG TTA GGT CCA GCA
```

Angalia lusini ile. CTG ndiyo kodoni ya lusini ambayo E. coli huitumia kuliko zote, na TTA haitumiki sana hivyo. Kikokotoo cha kodoni kingekupunguzia alama kwa kuchagua TTA. Hata hivyo hapa ni chaguo zuri, kwa sababu mwanzoni mwa jeni tatizo kubwa ni RNA kujikunja na kuiziba ribosomu mlango. G na C nyingi zinashikana kwa nguvu. A na T zinalegeza. Mwaka 2009 Kudla na wenzake walitengeneza jeni 154 za protini ya kijani GFP, zote zikitoa protini ileile kwa kodoni tofauti. Uzalishaji ulitofautiana hadi mara 250, na kilichoeleza sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mkunjo wa RNA karibu na mwanzo. Alama ya kodoni ambayo programu nyingi huipigia hesabu haikuhusiana na uzalishaji huo.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameweka jeni yake ndani ya plasmidi pET-28a, mkia wa histidini wa kusafishia protini ukiwa mbele. Basi mwanzo wa RNA yake unatoka kwenye plasmidi na unasomeka vizuri. Ndiyo maana bendi yake ilinenepa. Kama bendi isingekuwepo kabisa, au kungekuwa na vipande vifupi vifupi, au kodoni adimu AGA na AGG zimefuatana, hapo ningekuwa wa kwanza kusema tuangalie kodoni.

Kabla ya kulaumu chochote, hakikisha kwamba mashapo ni mashapo kweli. Bakteria wasiopasuka nao huzama chini kwenye sentrifuji. Kama protini za kawaida za bakteria hazionekani kwenye maji ya juu, hujapasua vya kutosha, rudia. Na mashapo yayeyushe kwa ujazo uleule wa maji ya juu, la sivyo unalinganisha kitu kilichokolezwa na kisichokolezwa.

Tulifanya majaribio manne ya mililita 50. La kwanza, nyuzi 37, saa nne, na milimola 1 ya IPTG, kemikali inayowasha jeni: yote chini. La pili, IPTG milimola 0.1 kwa nyuzi 18 usiku kucha. Hapa watu hukosea: wanaweka IPTG kisha wanashusha joto la mashine. Flaski haipoi kwa dakika moja, na mabonge huanza kujengeka wakati huo. Mimi huzamisha flaski kwenye maji ya barafu mpaka kioevu kiwe baridi kweli, ndipo naweka IPTG. Hata hivyo G-CSF yenye mkia wa histidini ilibaki chini karibu yote. Baridi hupunguza kasi ya ribosomu na kudhoofisha mshikano wa sehemu zinazokimbia maji, lakini haiundi disalfaidi.

Kuhusu ile milimola 0.1 sina imani nayo kama vitabu vinavyotaka niwe nayo. BL21(DE3), aina ya kawaida ya E. coli kwa kazi hii, ana mlango wa laktosi unaoingiza IPTG, na chembe ikishaanza kuwaka hujiongezea milango. Ukipunguza dozi huenda unapunguza idadi ya chembe zinazowaka, na si kasi ndani ya kila chembe. Ukitaka kasi ipungue kweli, tumia aina iliyofutwa mlango huo, kama Tuner.

Jaribio la tatu tuliunganisha G-CSF na MBP, protini inayoyeyuka sana, kwa nyuzi 18, na bendi ikapanda juu. Mwanafunzi alifurahi. Nilimwomba asubiri, kwa sababu MBP inaweza kuning'iniza juu ya maji protini ambayo haijakunjika. Tulipoikata kwa protiezi ya TEV, mirija iligeuka maziwa ndani ya saa moja: G-CSF iliganda tena. Jaribio la nne lilitumia MBP hiyohiyo ndani ya SHuffle, bakteria aliyebadilishwa ili saitoplazimu yake iruhusu disalfaidi, na ana DsbC ya kurekebisha vifungo vilivyokosewa. Mavuno yalikuwa madogo kuliko ya BL21, ila baada ya kukata, sehemu nzuri ilibaki imeyeyuka, na kwenye kolamu ya kuchuja kwa ukubwa ilitoka mahali pa protini moja moja.

Njia nyingine ni kuyakubali mabonge. Filgrastimu, G-CSF inayotumika hospitalini tangu 1991, hutengenezwa ndani ya E. coli na kukunjwa upya kutoka kwenye mabonge. Unayaosha, unayafungua kwa yurea ya mola 8 pamoja na DTT inayovunja disalfaidi, kisha unapunguza yurea polepole huku protini ikiwa nyembamba kwenye maji ili isishikane tena. Kwa mtu anayehitaji miligramu nyingi, mabonge ni ghala lililokwisha kusafishwa nusu.

Mwanafunzi anahitaji miligramu mbili tu kwa jaribio la chembe, kwa hiyo tunaendelea na SHuffle. Jumatatu anaanza lita mbili.