Soda ya usiku na ugali wa kabla ya mtihani: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ubongo hutumia sukari, kwa hiyo soda ya saa tano usiku humsaidia mwanafunzi kusoma.

Ukweli: Nusu ya kwanza ya kauli hii ni sahihi, na ndiyo maana hupotosha wengi. Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mwili uliopumzika, na chanzo chake kikuu ni glukosi. Hata hivyo, ini huhifadhi akiba ya glukosi na kuiachia kidogo kidogo kwenye damu, hata mtu anapolala. Chupa ya soda ya mililita 350 kwa kawaida hubeba karibu gramu 35 za sukari, yaani vijiko tisa hivi vya chai, ambazo huingia kwenye damu kwa mkupuo. Kongosho hujibu kwa kutoa insulini, na kwa baadhi ya watu sukari hushuka baadaye hadi wakahisi uchovu na njaa upya. Ikiwa soda hiyo ni kola, kafeini yake huchelewesha usingizi, na ni katika usingizi ambapo ubongo huimarisha kumbukumbu za yaliyosomwa mchana.

Anayehisi njaa usiku atosheke na kikombe cha mtindi usiotiwa sukari pamoja na konzi moja ya karanga. Karanga zenye ukungu au ladha chungu zitupwe, kwa sababu kuzikaanga hakuondoi sumukuvu yote.

Dhana: Kabla ya mtihani wa saa nane mchana, ugali mkubwa ndio unaoshikilia tumbo.

Ukweli: Kinachochelewesha njaa zaidi ni protini, mafuta kiasi na nyuzinyuzi, navyo ni haba katika ugali wa sembe, ambayo imekobolewa. Haki itendeke lakini: usingizi wa mchana hausababishwi na ugali peke yake, kwani saa ya mwili nayo hulegea wakati huo, na mlo mzito huongeza tu ulegevu huo.

Tuchukue mwanafunzi wa Dodoma anayeingia mtihani saa nane. Ale saa sita, ugali wa uwele au dona usiozidi ukubwa wa ngumi yake, mlenda uliotiwa karanga, na dagaa au maharage ya kutosha. Akipiga miayo nusu saa baada ya kula, siku inayofuata apunguze ugali na aongeze mboga.

Dhana: Asiye na muda wa kupika hana budi kula chipsi mayai.

Ukweli: Mayai hayana kosa; tatizo ni rundo la viazi na mafuta. Mayai mawili yaliyokorogwa na nyanya, kitunguu na mchicha uliokatwa huiva kwa dakika kumi. Pale bwenini ambapo kupika hakuruhusiwi, mayai ya kuchemsha ya kununua, parachichi na chumvi kidogo vinatosha.