Namba ya ndani ya kifuniko si umri wa saa ya babu

Mtu hufungua kifuniko cha nyuma cha saa ya mfukoni, akaona namba, akaitafuta kwenye jedwali la Waltham au Elgin, viwanda vya saa vya Marekani, kisha akaniletea saa pamoja na mwaka alioupata. Hili limenichosha. Namba ya kwenye kasha ni hesabu ya mtengeneza kasha, ilhali majedwali yale yanahesabu mashine, yaani mtambo wa ndani unaoendesha saa. Viwanda vya Marekani viliuza mashine nyingi bila kasha, kwa vipimo maalumu, na kasha lilitoka kwa mtu mwingine, pengine hata nchi nyingine.

Chukua saa moja ya fedha niliyoletewa. Kwenye uso imeandikwa Waltham. Ndani ya kifuniko pana nanga, simba anayetembea, herufi ndogo b, na A.L.D. Namba ya kasha ilikuwa imempeleka mwenyewe miaka ya 1870, na simba akamwaminisha kuwa saa nzima ni ya Uingereza. Tukafungua hadi kwenye mashine. Namba iliyochongwa juu ya bamba ilizidi milioni 10 kidogo, na kwa Waltham hiyo ni karibu na 1901. Nanga ni alama ya mji wa Birmingham, Uingereza. Huko mwaka ulionyeshwa kwa herufi, na b ndogo ya mzunguko ulioanza 1900 ni ya 1901 hadi katikati ya 1902. A.L.D. ni Aaron Lufkin Dennison, mmoja wa waasisi wa Waltham, ambaye baadaye alianzisha kazi ya makasha Birmingham. Basi mashine ni ya Marekani, kasha ni la Uingereza, na miaka yao inakubaliana.

Herufi ya mwaka usiisome peke yake. Kila mji ulikuwa na mzunguko wake, na herufi zilirudiwa kwa mwandiko na umbo la ngao tofauti. Tafuta mji kwanza.

Kasha na mashine vikipishana miaka mingi, kagua ukingo wa kasha pale skrubu za mashine zinapobana. Ukiona makovu ya skrubu mahali ambapo leo hapana skrubu, mashine nyingine iliwahi kukaa humo.

Miaka iliyochongwa pamoja na medali, kama 1878 au 1889 ya maonyesho ya Paris, ni ya tuzo. Inakuhakikishia tu kwamba kifuniko hakikuchongwa kabla ya hapo. Dhamana ya miaka 20 iliyoandikwa kwenye kasha inahusu tabaka la dhahabu kutochakaa, kwa hiyo kasha lenyewe si dhahabu tupu. Tarakimu zilizokwaruzwa kwa sindano ni kumbukumbu za mafundi waliolifungua kabla yangu.

Na tafadhali, kisu kiacheni jikoni. Makasha mengi ya Kimarekani yana kifuniko cha kuzungusha: kibane kwa viganja viwili, ukizungushe kinyume cha mishale. Nusu ya mikwaruzo ninayoiona ukingoni ni ya watu waliobandua kitu kilichotaka kufunguliwa kama mfuniko wa chupa.